Chanjo si kinga

Pale mwaloni Kibirizi, wiki iliyopita, mama mmoja mwenye mtoto wa miezi mitatu mgongoni alimwambia mwenzake: "Huyu sina haja ya kumrudisha kliniki, mimi nimechanjwa pepopunda, ameshachanjwa kupitia ziwa." Mwenzake akamjibu kwamba yeye alipochomwa sindano hiyo aliacha kunyonyesha siku nne, ili chanjo isiingie kwenye maziwa. Maziwa yakamjaa, matiti yakawa magumu kama jiwe, mtoto akanyweshwa uji. Mmoja anategemea chanjo ipite kwenye ziwa, mwingine anaiogopa isipite, na wote wawili wamebeba kosa lile lile.

Chanjo ni kitu kinachoufundisha mwili kuutambua ugonjwa kabla haujaja. Basi. Tuangalie neno lenyewe.

Chanjo limetokana na kuchanja. Tunachanja kuni, na mganga huchanja chale. Zamani ngozi ya mkono ilikwaruzwa au kudungwadungwa, dawa ya ndui ikapitishwa hapo, ikabaki alama ambayo wazee wetu wanayo begani mpaka leo. Kwa hiyo chanjo ni tendo linalofanywa kwenye mwili fulani, na mwili huo ndio unaojifunza. Kinga ni neno jingine kabisa. Mvua ikinyesha tunakinga maji kwa ndoo, na mtu akirushiwa jiwe hukinga uso kwa mkono. Kinga ni kile kinachozuia, kiwe chako au umepewa na mwingine.

Mama aliyechanjwa hutengeneza kingamwili, na sehemu yake hupita kwenye maziwa. Zikimfikia mtoto hukaa zaidi kooni na tumboni, zikisaidia kuzuia vijidudu hapo hapo, na hazidumu. Mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Ndiyo maana ratiba yake inabaki vilevile: wiki ya 6, ya 10, ya 14, na surua-rubela miezi 9 na 18.

Na yule aliyeacha kunyonyesha? Chanjo ya pepopunda haina kijidudu hai. Ni sumu ya kijidudu iliyokwisha kuharibiwa makali, haiwezi kuzaliana ndani ya mama wala ndani ya maziwa. Chanjo nyingi za watu wazima ziko hivyo. Hata ya rubela, ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, virusi vyake vinaweza kuonekana kwenye maziwa, na kwa kawaida mtoto hapati shida. Mama akipata homa kidogo au mkono ukiuma, anywe parasetamoli na aendelee kunyonyesha.

Inayohitaji tahadhari ni chanjo ya homa ya manjano, na Kigoma inatugusa kweli, kwa sababu anayevuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, Kongo, anatakiwa awe na kadi ya njano. Nayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwaka 2009 huko Brazil mama alichanjwa siku 15 baada ya kujifungua. Siku ya tano akaumwa kichwa na homa. Mtoto wake, aliyekuwa akinyonya maziwa ya mama tu, akapata degedege akiwa na siku 23, na virusi vya chanjo vikakutwa kwake. Alipona. Matukio ya namna hii ni machache sana, na yametokea kwa watoto wachanga mno, lakini ndiyo sababu mwenye mtoto chini ya miezi 9 hushauriwa asubiri kama safari inaweza kungoja.

Mfano, tuseme huyo mama wa Kibirizi mwenye mtoto wa miezi mitatu anataka kuvuka kwenda Kalemie. Kama anafuata vitenge tu, amtume ndugu, yeye apate chanjo mtoto akitimiza miezi 9. Kama safari haikwepeki, kwenye hatari ya ugonjwa wenyewe chanjo ina nafuu, ila amweleze muuguzi umri wa mtoto kabla ya sindano, na wiki zinazofuata mtoto akigoma kunyonya, akalegea au akashtuka-shtuka, ampeleke hospitali siku hiyo hiyo na kutaja chanjo. Asiichome asubuhi ya kupanda boti, maana kadi huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano.

Kwa hiyo, dada yangu wa mwaloni, usiseme umemchanja mtoto kwa ziwa. Sema umemnyonyesha kinga. Na ile tarehe ya wiki ya 14 iliyoandikwa kwenye kadi yake bado inamhusu.