Mbu wa ploti: kagua septiki kabla ya kununua dawa

Mvua ndefu zikishaanza, na tena zile za Novemba, malalamiko yanayotufikia sisi maafisa wa afya ya umma hapa Nairobi huwa yale yale: jirani hajafyeka nyasi, ndiyo maana mbu wamezidi. Kufyeka ni sawa, lakini mbu hazaliwi kwenye nyasi. Mchana anaweza kujificha humo apate kivuli, basi. Kuzaliwa anazaliwa kwenye maji yaliyotuama, na katika nyumba nyingi za kupanga maji hayo hayako kwa jirani. Yako ndani ya ploti, mara nyingi chini ya zege ambapo watoto wanachezea.

Kabla ya kununua chochote, jiulize unaumwa saa ngapi. Swali hili lina faida kuliko dawa yoyote ya dukani. Kama ni usiku, taa zikishazimwa, na unasikia mlio sikioni, huyo karibu kila mara ni kuleksi, mbu wa rangi ya hudhurungi anayependa maji machafu: septiki, choo cha shimo kilichojaa maji, mtaro ulioziba. Kama ni asubuhi au alasiri, ukiwa umekaa mlangoni unachambua sukuma, na anakuuma vifundoni kimya kimya, mtazame vizuri. Akiwa mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, huyo ni aedesi, na yeye hutaka maji safi kwenye vyombo: pipa, ndoo, tairi kuukuu, kisahani cha chini ya maua. Aedesi ndiye anayeeneza dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeyapata zaidi ya mara moja. Anofelesi wa malaria ni wachache hapa kwa sababu jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi.

Tuseme ni ploti ya ghorofa nne Kayole, yenye bedsita na vyumba vya kulala kimoja, septiki uani, na maji ya mfereji yanayokuja siku mbili kwa wiki. Wapangaji wa chini wanaumwa usiku kucha, wa ghorofa ya nne wanaumwa kidogo tu. Tofauti hiyo peke yake ni dalili: mbu wanatokea chini, na wanaingia kwenye madirisha na matundu ya hewa ya karibu kwanza. Nani aliyewahi kuwaona wakitoka? Hakuna, kwa sababu wanatoka jioni kiza kikiingia, kupitia bomba la kupumulia la septiki na nyufa za kifuniko.

Kulithibitisha hili hakuhitaji mtaalamu. Chukua kipande cha neti kuukuu isiyo na matundu, ukishone kama soksi iliyofungwa upande mmoja, uivishe kwenye mdomo wa bomba kwenye saa kumi na moja jioni na kuikaza kwa mpira. Asubuhi iangalie. Ukikuta mbu wamejaa ndani, umeshapata kiwanda chao, na hela ambazo wapangaji walikuwa wakichoma kwa koili kila usiku zina mahali bora pa kwenda. Ukikuta mmoja wawili, angalia kifuniko. Mwagia unga kidogo kuzunguka kingo zake, na pale unga unapozama kuna ufa. Mbu hahitaji nafasi kubwa.

Kwenye bomba, funga wavu wenye matundu yasiyozidi milimita moja na nusu. Hapa ndipo watu wengi hukwama: wananunua waya wa kawaida wa dirisha kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na baada ya miezi kadhaa gesi ya septiki imeula, umekuwa vumbi, na hakuna anayepanda kutazama. Tafuta wavu wa chuma kisichoshika kutu au wa nyuzi zilizopakwa plastiki, na uukague kila msimu wa mvua unapokaribia. Nyufa za kifuniko zizibwe kwa saruji, ila acha sehemu ya kufungulia izibwe kwa kitu kinachoondoleka, maana lori la kunyonya majitaka litarudi. Na tafadhali, mtu yeyote asiingie septiki wala kuinamia kifuniko kilicho wazi, wala asichungulie humo kwa kiberiti. Gesi iliyomo huua kabla hujapiga kelele.

Kuna wanaomwaga mafuta taa au oili chafu ya gari. Viluwiluwi hufa kweli, kwa sababu hupumua kupitia kimrija kinachogusa uso wa maji, na mafuta hukiziba. Lakini mafuta taa huruka hewani baada ya siku chache, na oili huua bakteria wanaoyeyusha uchafu, kisha huvuja hadi ardhini na kwenye visima. Kule Makunduchi, Zanzibar, miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilivyokuwa na maji vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki nyeupe, zile za kufungia televisheni mpya, zikaelea na kufunika uso wa maji. Mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa hewa. Mbinu hiyo ni nzuri kwa choo cha shimo chenye maji. Kwa septiki ya ploti inayonyonywa mara kwa mara haifai, kwa sababu lori litazivuta chembe zote.

Sasa juu. Yule mpangaji wa ghorofa ya nne anayeumwa mchana hana tatizo la septiki. Ana pipa. Mgao wa maji umefanya kila nyumba Nairobi iwe na bohari: mapipa ya lita 200 kwenye veranda, ndoo chini ya sinki, mitungi kando ya mlango wa choo. Aedesi hatagi juu ya maji. Hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Kwa hiyo kulimwaga pipa na kulisuuza hakutoshi. Maji mapya yakija, mayai yale yale yanalowa na kuanguliwa, na mama wa nyumba anabaki akishangaa kwamba juzi tu ameliosha.

Kinachoyaondoa ni kusugua. Fuata ratiba ya mgao: asubuhi ya siku ambayo maji yanatarajiwa, pipa likiwa karibu tupu, sugua ukuta wa ndani kwa brashi ngumu na sabuni, kuanzia mdomoni hadi chini, ukikazia pale panapoonekana alama ya mstari wa maji. Mwaga yale maji ya kusugulia juani au kwenye udongo mkavu, siyo kwenye ndoo nyingine. Fanya hivyo kila wiki. Safari ya yai hadi mbu anayeruka huchukua wiki moja kukiwa na joto, na zaidi katika baridi ya Julai, hivyo anayesugua kila siku saba huwakatiza njiani. Ukitaka kujua kama umechelewa, mulika tochi ndani ya pipa, kisha ligonge ubavuni. Viluwiluwi wakishtuka hujinyonganyonga wakikimbilia chini.

Kifuniko ni cha pili. Wengi hufunika kwa kipande cha kitambaa, jambo zuri, ila kitambaa kikilegea katikati, mvua hutuama juu yake na umemtengenezea mbu kidimbwi kingine. Kivute kikakamae na ukifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwa matangi ya juu ya paa, muulize msimamizi wa ploti mambo mawili tu: vifuniko vyote vipo? Na mabomba ya maji yanayofurika yana wavu? Tangi moja lililo wazi linaweza kuhudumia mtaa mzima. Hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2022, anofelesi stefensi alipogunduliwa Marsabit. Huyo ni mbu wa malaria anayezoea maisha ya mjini na matangi ya maji, tofauti na ndugu zake.

Neti, basi. Watu huniambia wamelala ndani ya neti yenye dawa na bado wameumwa. Naamini. Kuleksi wa miji mingi ya Afrika wamekuwa sugu kwa dawa iliyo kwenye neti, hivyo usitegemee afe kwa kuigusa. Kwa mbu wa Nairobi neti inafanya kazi kama ukuta zaidi kuliko kama sumu, na ukuta wenye tundu ni kazi bure. Shona matundu, hata madogo. Chomeka kingo chini ya godoro kabla giza halijaingia, siyo unapopanda kulala. Neti ya mviringo inayoning'inia kutoka ndoano moja hupendeza, lakini kwenye kitanda cha futi tano kwa sita hubana, mkono ukalala umeiegemea, na mbu akauma kutoka nje. Ya pembe nne ni bora, iwe na ukubwa unaozidi kitanda. Asubuhi, ukiona mbu ndani ameshiba na tumbo jekundu, usimuue tu ukaondoka: tafuta alipoingilia. Kuosha, tumia maji baridi na sabuni ya kawaida bila jiki, na uanike kivulini, maana jua huiharibu dawa.

Saa zile kati ya magharibi na kulala ndizo za dawa ya kupaka. Soma kibandiko. Yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 hukulinda kwa saa kadhaa; mafuta ya mchaichai hunukia vizuri lakini huisha nguvu haraka, pengine kabla taarifa ya habari haijaisha. Paka kwenye ngozi iliyo wazi, vifundoni hasa, siyo chini ya nguo. Mtoto usimpake viganjani kwa kuwa atavitia mdomoni, na aliye chini ya miezi miwili usimpake kabisa, mweke ndani ya neti. Koili kwenye bedsita iliyofungwa madirisha ni moshi unaouvuta usiku kucha, na mkaa wake umewahi kuchoma magodoro. Kama lazima, iweke nje ya mlango juu ya bati. Vile vifaa vya kuchomeka kwenye stima vinavyodaiwa kufukuza mbu kwa sauti, na programu za simu za namna hiyo, havifanyi kitu. Weka pesa hizo kwenye waya wa mbu wa dirisha na wa yale matundu ya hewa juu ya mlango, ambayo karibu kila mtu huyasahau.

Na ukirudi kutoka Kisumu, Busia au Kwale kisha upate homa ndani ya wiki chache, nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo, na umwambie anayekuhudumia ulikotoka bila kungoja akuulize. Huyo mbu hukukutana naye Kayole.