Gololi ikisogezwa na tufe, iacheni ilipo: pointi na mitupo katika petanki

Tangu tuanze kucheza petanki katika uwanja wa chuo chetu cha ualimu hapa Mtwara, swali ninaloulizwa zaidi linahusu ile gololi ya mti. Wachezaji huuliza hivi: tumetupa matufe, mtu kaigonga gololi, imekwenda zake huko. Je, tuirudishe ilipokuwa? Jibu ni hapana, na humo ndimo ulimo utamu wa mchezo wenyewe. Naona wengi bado wanairudisha kwa nia njema, wakidhani wanatenda haki, nao bila kujua wanamnyang'anya mwenzao pointi alizozitolea jasho.

Kwa asiyeufahamu mchezo, petanki ilizaliwa kusini mwa Ufaransa, katika mji wa La Ciotat, mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lake latokana na maneno yenye maana ya miguu iliyokita chini. Mchezaji husimama ndani ya duara dogo, lenye upana wa sentimeta 35 hadi 50, wala haruhusiwi kunyanyua miguu kutoka humo mpaka tufe lake liguse ardhi. Tufe ni la chuma, lina uzito wa kati ya gramu 650 na 800. Shabaha ni kigololi cha mti chenye kipenyo cha sentimeta 3 tu, ambacho hutupwa kwanza, kati ya meta 6 na 10 kutoka kwenye duara. Si mchezo wa mbali na sisi kama watu wanavyofikiri: ng'ambo ya bahari, Bukini, wanaucheza kila mtaa, na mwaka 2016 Wamalagasi walitwaa ubingwa wa dunia wa timu za watu watatu wakiwa nyumbani kwao, Antananarivo.

Pointi huhesabiwa duru ikiisha, matufe yote yakiwa yametupwa. Tunatafuta tufe lililo karibu kuliko yote na gololi. Upande wenye tufe hilo ndio pekee unaopata kitu, na hupata pointi moja kwa kila tufe lake lililo karibu zaidi kuliko tufe bora la wapinzani. Upande wa pili haupati chochote, hata kama tufe lao lilizidiwa kwa unene wa kucha. Matufe mawili bora ya pande mbili yakilingana kabisa umbali, na hakuna tufe lililobaki mkononi, duru hiyo haina pointi. Wa kwanza kufika 13 ndiye mshindi. Zamu nayo haiendi kwa kupokezana: upande ambao hauna tufe la karibu ndio unaotupa, na utaendelea kutupa mpaka uwe na la karibu au matufe yauishie.

Sasa niwaeleze duru moja tuliyoicheza alasiri chini ya mikorosho, pale ambapo ardhi ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na changarawe kidogo. Walimu wawili walikuwa wakicheza na watu wa jikoni wawili, mpishi wetu na mzee wa bustani. Wakiwa wawiliwawili, kila mchezaji hupewa matufe matatu, kwa hiyo kila upande una sita. Walimu walikuwa na pointi 11, jikoni 8. Gololi ilikuwa meta 8 kutoka kwenye duara.

Walimu walikuwa wamemaliza matufe yao yote. Mawili yalikaa kushoto mwa gololi, moja kwa sentimeta 20 na jingine kwa 35. Tufe bora la jikoni lilikuwa sentimeta 60. Kwa hesabu hiyo walimu walikuwa na pointi mbili, na 11 ukijumlisha 2 mchezo umekwisha. Jikoni walibakiwa na matufe mawili: moja la mpishi, moja la mzee. Mengine yao manne yalikuwa hivi: hilo la sentimeta 60, moja lililotoka nje ya mpaka, na mawili yaliyopitiliza mno yakalala kama meta mbili na nusu nyuma ya gololi. Watazamaji walishayahesabu hayo mawili kuwa matufe ya bure.

Mpishi alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kukaribisha, yaani kulifikisha tufe ndani ya zile sentimeta 20. Kukaribisha kwenyewe kuna namna zake. Unaweza kuchuchumaa na kulibingirisha tufe tangu karibu na miguu yako, na hili hufaa uwanja ukiwa laini na sawa. Unaweza kulirusha nusu ya njia kisha likamalizia kwa kubingirika, nao ndio mtupo wa kila siku kwenye ardhi yetu, kwa sababu unaruka changarawe za mwanzo na unabakiza njia fupi tu ya kubahatisha. Au unalirusha juu sana lishuke wimawima karibu na gololi, likwame hapohapo. Katika mitupo yote hii kiganja hutazama chini, vidole vimefungana, na tufe huachiwa likipita chini ya vidole ili lizunguke kinyume na mwendo wake. Mzunguko huo ndio breki. Ukimwona mtu anatupa kiganja kikiwa juu kama anayepokea sadaka, tufe lake likigusa ardhi litakimbia mbele, na hapo usitafute kosa kwenye uwanja.

Njia ya pili ilikuwa kulipiga lile tufe la sentimeta 20 liondoke. Lakini hata likiondoka, lingebaki la 35, na pointi moja ya walimu ingesimama. Mzee angebaki na tufe moja la kuokoa kila kitu.

Njia ya tatu ni kuipiga gololi yenyewe. Hapa ndipo kanuni ya kusogea kwa gololi inapoingia. Gololi ikigongwa na tufe lililotupwa kihalali, ikabaki ndani ya mpaka wa uwanja, mahali pake papya ndipo shabaha ilipo, na umbali wote huanza kupimwa kutoka hapo. Ikitoka nje ya mpaka kabisa, imekufa, hata kama iligonga ukuta ikarudi ndani. Ikikaa juu ya mstari bado iko hai. Hufa pale tu inapokuwa imeuvuka mstari mzima. Hufa pia ikienda zaidi ya meta 20 kutoka kwenye duara, au ikirudi chini ya meta 3. Gololi ikifa, tunatazama mikono. Pande zote mbili zikiwa bado na matufe, au zote zikiwa zimeishiwa, duru inafutwa. Lakini upande mmoja tu ukiwa na matufe, upande huo hupata pointi sawasawa na idadi ya matufe uliyobaki nayo.

Pigeni hesabu pamoja na mpishi. Akiipiga gololi ikatoka nje, walimu hawana tufe, jikoni wana moja la mzee: wanapata pointi 1, wanafika 9, na wameponea kufungwa. Akiipiga ikabaki ndani lakini ikarudi nyuma, itayakuta yale matufe mawili ya bure. Kwa vyovyote, kuigonga kulikuwa na faida kuliko kukaribisha. Taabu ni kwamba kitu cha sentimeta 3 kwa umbali wa meta 8 hakigongwi kirahisi.

Kuna kupiga kwa kulenga hewani, tufe likashukia moja kwa moja juu ya shabaha bila kugusa ardhi kwanza. Wabingwa hufanya hivyo. Kuna pia kuparaza, ambapo tufe hurushwa chini kwa nguvu, likagusa ardhi meta kadhaa kabla ya shabaha na kuambaa mpaka liigonge. Kuparaza hutaka ardhi ngumu. Ukijaribu kwenye mchanga wa ufukwe wa Shangani, tufe litajizika pale linapoanguka. Ndiyo maana siwashauri wanaoanza kuchezea ufukweni, labda maji yakiwa yametoka na mchanga umekazana.

Mpishi alisimama wima, akaparaza. Tufe liligusa ardhi kama meta mbili kabla, likapita kulia kwa matufe ya walimu, likaigonga gololi. Ikaruka nyuma meta mbili na nusu, ikatua jirani na matufe ya jikoni yaliyopitiliza. Mwalimu mmoja, kwa wema kabisa, akaenda akainama aichukue airudishe kwenye alama ya zamani.

“Mwalimu, samahani, iache hapohapo!” mzee akapaza sauti.

Mkono ukasita. Nikachora msalaba wa mistari miwili kwenye udongo, gololi ikiwa katikati, na ninaomba kila anayecheza afanye vivyo hivyo kila gololi inapotulia. Alama ile haikusudiwi kuirudisha gololi iliyogongwa na tufe. Ni kwa ajili ya upepo, kuku, mtoto aliyepita mbio, au mchezaji aliyeikanyaga kwa bahati mbaya. Katika hali hizo gololi hurudishwa ilipokuwa, kwa sharti kwamba palikuwa pamewekwa alama. Bila alama, malalamiko hayapokewi, na hapo ndipo urafiki wa jioni nzima huharibika kwa jambo la dakika moja.

Tukapima kutoka mahali papya. Matufe mawili ya jikoni yalikuwa kwa sentimeta 30 na 70. Tufe la mpishi lililopiga liliendelea kidogo, likasimama kwa meta 1 na sentimeta 20. Tufe la karibu la walimu sasa lilikuwa zaidi ya meta 2. Jikoni walikuwa na pointi tatu, na tufe la mzee bado mkononi.

Mzee hakuwa na haraka. Angeweza kulitupa mbali kusudi, akabaki na tatu zake salama. Akilikaribisha vizuri anapata ya nne. Akiigonga gololi ikatoka nje, pande zote zimeishiwa, duru inafutwa na zile tatu zinapotea. Alimwuliza mpishi, “Mwanangu, nijaribu?” Kisha akachuchumaa, akalenga pembeni ya gololi, mbali na ukingo wa uwanja, ili hata tufe likizidi lisiiguse. Likabingirika taratibu, likasimama kwa sentimeta 50.

Walimu waliomba futi ya fundi ili wajiridhishe, ikaletwa, na hesabu ikabaki ileile: pointi nne, jikoni 12, walimu 11. Mpishi akachora duara la duru iliyofuata kuizunguka pale gololi ilipokuwa imelala, akageukia upande wa bwalo ambako nafasi ya meta 10 ilikuwepo, akaitupa upya.