Msimbo unaosubiri na picha ya hitilafu

"Taa ya injini haijawaka, kwa hiyo kisomaji cha OBD hakina cha kusoma."

Mara nyingi kinacho. Hitilafu nyingi huwasha taa zikionekana katika safari mbili mfululizo. Ikionekana mara moja, kompyuta ya gari huiweka kama msimbo unaosubiri, na hata kisomaji cha bei ya chini huuonyesha kwenye Pending Codes. Isipojirudia, msimbo hufutika. Kwa hiyo soma siku ileile gari linaposumbua.

Taa ikiwaka, fungua Freeze Frame, yaani picha ya vipimo vya injini wakati hitilafu iliponaswa, kabla ya kufuta chochote, kwani kufuta huondoa na picha hiyo, na hiyo ni hasara kubwa. Tuseme umepata P0171, yaani mchanganyiko una petroli pungufu, na picha inaonyesha RPM 750, kasi 0, joto 90°C, na LTFT, yaani marekebisho ya petroli ya muda mrefu, +22%. Injini ilikuwa ya moto, gari limesimama. Sasa ipandishe hadi RPM 2500, ujumlishe STFT, yaani marekebisho ya muda mfupi, na LTFT. Jumla ikishuka karibu na sifuri, shuku hewa inayovujia ndani, labda mpira uliopasuka. Ikipanda, kagua pampu na filta ya petroli. Picha hiyo ni ya dakika ya kunaswa tu. Dalili huenda zilianza mapema.