Mahari na harusi: akiba moja iliyoahidiwa mara mbili

Lawama za ugomvi wa kabla ya ndoa hutupiwa mahari kubwa. Mimi naona chanzo chake mara nyingi ni kwamba wazee hukaa na kupanga mahari, kamati ikakaa siku nyingine na kupanga harusi, na vikao vyote viwili vinachota kwenye akiba ileile bila kuulizana.

Tuseme bwana harusi ana akiba ya mafungu 100. Mshenga anarudi na habari njema: mahari ni 60, yaani 40 kabla ya ndoa na 20 baadaye. Kamati nayo inaweka bajeti ya 120, ambapo ahadi za michango ni 80 na bwana harusi anatoa 40. Kwenye karatasi hesabu imekaa, na 20 zinabaki za kodi ya nyumba na vyombo.

Wiki ya mwisho, ahadi zilizolipwa ni 50 tu. Ukumbi na mpishi hawasubiri, kwa hiyo pengo la 30 linazibwa kwa zile 20 za nyumba na 10 zinazochomolewa kwenye mahari. Ukweni wanapelekewa 30 badala ya 40, huku kadi za mwaliko zimeshasambaa. Kwao hiyo ni dharau. Bi harusi anaulizwa na wazazi jambo ambalo mchumba wake hajamwambia, na hapo ndipo wawili wenyewe wanapoanza kununiana.

Dawa iko kwenye mpangilio. Sehemu ya mahari iliyoahidiwa kabla ya ndoa ipelekwe kabla ya kulipia ukumbi, na fedha ya nyumba itengwe mahali ambapo kamati haifiki. Kamati ipange kwa fedha iliyo mkononi. Ahadi ni ahadi. Ikipungua, punguzeni wageni. Kubadili mapambo hakuokoi kitu cha maana, lakini mgeni mmoja akipungua, sahani, kinywaji na kiti vinapungua pamoja naye. Kazi hiyo ifanyike kabla mpishi hajapewa idadi, maana baadaye mtalipia hata wasiokuja.

Mshenga naye asikubali kiasi kabla ya kusikia orodha nzima. Zawadi za mama, za shangazi na za wajomba zimo ndani ya 60 au ziko nje? Mahari anapokea nani? Kwa Waislamu ni haki ya bibi harusi mwenyewe, hivyo kauli yake kuhusu kiasi na sehemu ya kucheleweshwa ina uzito. Mshenga akisikia “hayo mengine tutaongea mbele ya safari”, aombe yaongelewe palepale, kisha yaandikwe: kiasi, kilicholipwa, salio na tarehe, nakala moja kila upande.

Mambo yakishaharibika, kila mchumba azungumze na wazazi wake mwenyewe. Habari ya upungufu ikipelekwa ukweni na mkwe mtarajiwa husikika kama kisingizio. Binti akiisema kwao, tena kabla ya siku ya makabidhiano, wazee hupata nafasi ya kusogeza tarehe bila kuaibika.