Usarufishaji: jinsi kitenzi "taka" kilivyozaa kiambishi -ta-

Tamka kwa sauti "atakaye kuja", kisha "atakayekuja". Sikio halipati tofauti, ila maana ni mbili. "Atakaye kuja na aje" inamhusu mtu mwenye hamu ya kuja. "Mgeni atakayekuja kesho" inamhusu mtu ambaye kuja kwake kunatarajiwa, awe anataka au hataki. Katika maandishi kinachozitenganisha ni nafasi moja tu kati ya maneno. Nafasi hiyo ndiyo mpaka kati ya kitenzi kamili, taka, na kiambishi cha wakati ujao kilichotokana nacho.

Mchakato uliokitoa kitenzi hicho upande mmoja hadi mwingine huitwa usarufishaji. Neno lenye maana yake lenyewe, yaani nomino au kitenzi, hutumika kwa namna fulani vizazi na vizazi hadi likawa chombo cha sarufi: kiunganishi, kihusishi, kitenzi kisaidizi, au kiambishi kisichoweza kusimama peke yake. Mwanaisimu Mfaransa Antoine Meillet ndiye aliyeupa mchakato huu jina lake la kitaalamu mwaka 1912. Hakuna anayeuamua wala kuupanga. Kila kizazi huyapokea matumizi ya kizazi kilichotangulia na kuyasogeza kidogo, bila kujua kwamba kinasogeza kitu.

Safari ya taka ilianzia kwenye maana, si kwenye sauti. Mtu akisema anataka kuondoka, msikilizaji hupata habari mbili kwa pamoja: kwamba huyo mtu ana hamu ya kuondoka, na kwamba huenda muda si mrefu ataondoka. Habari ya kwanza imesemwa, ya pili imekisiwa tu. Kauli ya aina hiyo ikirudiwa mara nyingi mno, kile kilichokuwa kinakisiwa huanza kuhesabika kuwa sehemu ya maana ya neno. Hapo taka huweza kusikika kama "ana nia ya", na baadaye kama "hilo litatokea". Hamu hufifia, utabiri hubaki.

Dalili kwamba hatua hiyo imekamilika ni kiima kisicho na uhai. Jua halina hamu, lakini "jua litazama" ni sentensi ya kawaida kabisa. Kipimo kikali zaidi ni sentensi inayoikana hamu waziwazi: "Sitaki, lakini nitakwenda." Kama -ta- ingekuwa bado imebeba maana ya kutaka, msemaji angekuwa anajipinga mwenyewe. Hakuna anayeona mgongano hapo. Vivyo hivyo tunasema "atataka" bila kuhisi kwamba tumelitaja jambo lile lile mara mbili: ta ya kwanza ni wakati, taka inayofuata ni hamu.

Baada ya maana kulegea, kitenzi kilipoteza haki zake za kitenzi. Taka ya kawaida hupokea viambishi vya mnyambuliko: takwa, takia, takana. Inaweza kubeba yambwa, kama katika "nakitaka". Inaweza kutenganishwa na kitenzi kinachofuata: "ataka sana kusoma". Kiambishi -ta- hakiwezi lolote kati ya hayo. Kina nafasi moja tu, baada ya kiambishi cha nafsi, na kati yake na mzizi huingia yambwa au kirejeshi, basi.

Ndipo sauti zikapungua. Kipande kinachotumika kila mara, katika mahali pale pale na bila kubeba uzito wa habari, hutamkwa kwa haraka na kwa juhudi ndogo. Njia yenyewe tunaweza kuichora hivi: "ataka kusoma" yakiwa maneno mawili, kisha neno moja, kisha ka inadondoka, na ku ya kitenzi-jina nayo inaondoka, tunabaki na "atasoma". Umbo la kati, "atakusoma", lipo hata leo, ila ku yake ni nyingine kabisa: ni yambwa ya nafsi ya pili, wewe ndiwe utakayesomwa. Anayechambua maneno kwa kuyatazama sura tu hujikwaa papo hapo.

Ushahidi kwamba -ta- ilikuwa taka haumo kwenye "atasoma". Ukiwa na umbo hilo peke yake huna cha kuonyesha. Umo kwenye kirejeshi: atakayesoma, kitakachofuata, tutakapofika. Katika maumbo haya ka haikudondoka. Tazama kinachofuata: si mzizi wa kitenzi kikuu, bali kirejeshi ye, cho au po. Kirejeshi hicho kilikuwa kimeshikamana na taka ilipokuwa ingali neno linalojitegemea, kama kinavyoshikamana nayo hadi leo katika "atakaye" yenye maana ya "anayetaka". Na katika "atakaye" silabi ka ndiyo ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo Kiswahili huweka mkazo. Silabi yenye mkazo haimomonyoki kirahisi. Kwa hiyo umbo refu lilihifadhiwa mle, kama samaki wa zamani aliyeganda ndani ya jiwe, huku umbo fupi likishika sehemu nyingine zote. Ukitaka kuona vizazi viwili vya kitenzi kimoja ndani ya neno moja, soma "atakapotaka": taka ya kwanza ni alama ya wakati, ya pili ni hamu.

Kuna ushahidi mwingine ambao hutajwa sana, nao ni ku inayobaki kwenye vitenzi vyenye mzizi wa silabi moja: atakula, atakuja, atakunywa. Husemwa kwamba ku hiyo ni mabaki ya "ataka kula". Inaweza kuwa kweli, lakini kama hoja ni dhaifu. Ku hiyo hiyo hutokea baada ya -na-, -li- na -me-, ambazo hazina uhusiano na taka, na ina kazi ya kimatamshi: inalipa neno silabi ya kubebea mkazo. Hoja ya kirejeshi inatosha. Hii nyingine ni ya kuongezea tu.

Kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi chochote. Kiswahili kina taka nyingine, ile ya uchafu, nayo haina udugu na -ta- hata kidogo. Anayedai kwamba kiambishi fulani kimetokana na neno fulani anapaswa kuonyesha mambo matatu: maana iliwezaje kusogea hatua kwa hatua, sauti zilipungua kwa utaratibu upi, na ni wapi matumizi ya katikati bado yanaonekana. Kwa -ta- yote matatu yapo. Tena upande wa maana hauhitaji kubuniwa, kwa sababu lugha nyingine zimepita njia hiyo hiyo zenyewe. Kitenzi cha Kigiriki cha kale thelo, "nataka", kilifupishwa kidogo kidogo hadi kubaki tha, alama ya wakati ujao ya Kigiriki cha leo. Kiingereza nacho kilifanya kitenzi chake cha zamani cha kutaka kuwa alama ya wakati ujao. Lugha hizi hazikuazimana wazo hilo. Kila mahali mtu anayesema anachotaka kufanya huwa anadokeza pia kitakachofuata.

Si lazima sauti zipungue ndipo tuseme neno limesarufika. "Mpaka", nomino ya mahali nchi au shamba linapoishia, ndiyo hiyo hiyo katika "nilisubiri mpaka jioni", na haijapoteza hata herufi moja. Kilichobadilika ni kazi: "mpaka" wa jioni hauna wingi, wala huwezi kuupa sifa. Kwa upande mwingine, neno likifupishwa tu huku maana na kazi yake vikibaki vile vile, huo ni ufupisho, haujafikia usarufishaji.

Kitenzi kilichozaa kiambishi pia hakifi kwa sababu hiyo. Taka inaishi pembeni ya mtoto wake, na sasa imeanza safari ya pili. "Mvua inataka kunyesha" haisemi habari za hamu ya mvua, inasema imekaribia. "Nilitaka kuanguka" kwa kawaida maana yake ni kwamba nusura nianguke, kwani ni nani aliyewahi kutamani kuanguka? Hapa maana imeshasogea ilhali sauti hazijaguswa, jambo linalolingana na mpangilio tuliouona: maana kwanza, umbo baadaye. Ukanushi unaonyesha kwamba safari bado ni changa. "Gari halitaki kuwaka" haimaanishi kwamba gari halijakaribia kuwaka. Inamaanisha linakataa, kana kwamba lina kichwa kigumu. Matumizi mapya yamekubalika katika kauli ya kuyakinisha, lakini katika ukanushi kitenzi cha zamani kingali kimeshika nafasi yake.

Kwa taka umbo la kati limebaki kwenye kirejeshi peke yake. Anayependa kuziona hatua zote zikiwa hai kwa wakati mmoja amtazame ndugu yake, kitenzi isha. Wasemaji wa leo hutumia "amekwisha kula", "amekwishakula", "ameshakula", na katika mazungumzo ya kawaida "kashakula", wakati mwingine mtu mmoja akichanganya mawili kati ya hayo ndani ya dakika tano. Maana ya kumaliza imekuwa alama ya jambo lililokwisha kutimia, na kitenzi kimesinyaa kuwa -sha-. Kitenzi kamili nacho bado kipo, "maji yamekwisha", na vikikutana ndani ya neno moja havigombani: maji yameshaisha.