Je, wajua kwa nini karatasi ya usuluhishi haiandiki nani kakosea?

"Tumekaa kikao, tumesaini wote wawili, ila nimeisoma yote hamna mahali imesema nani kakosea. Sasa imesuluhisha nini?"

Imesuluhisha kitakachofanyika kuanzia siku ya saini, na hiyo ndo kazi yake. Mwenye makosa anatafutwa na hakimu, ambaye ana viapo, mashahidi na mamlaka ya kuhukumu. Msuluhishi hana hivyo vitu. Hakumwapisha mtu, hakuita shahidi, alichofanya ni kuwakalisha watu wawili mpaka wakakubaliana wenyewe, kwahiyo akiandika "fulani ana makosa" anakuwa ametoa hukumu ambayo hakuna aliyempa uwezo wa kuitoa.

Watu wengi wanaichukulia ile karatasi kama muhtasari wa mkutano, yaani kila kilichosemwa kiwekwe, nani alisema nini, nani alinyamaza, nani alikiri. Ndo maana wakiisoma wanaona imepwaya na wengine wanahisi msuluhishi kamlinda mwenzao. Lakini kilichosemwa mle ndani kinaachwa nje kwa makusudi. Sheria ya mfano kuhusu usuluhishi wa kibiashara iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018 inataja kabisa vitu ambavyo havitakiwi kupelekwa kama ushahidi mahakamani au kwenye baraza lingine: mapendekezo mtu aliyotoa ili wamalizane, mambo aliyokiri wakati wa mazungumzo, mapendekezo ya msuluhishi, na hata ile kuonyesha tu kwamba alikuwa tayari kukubali. Sheria za usuluhishi za nchi nyingi zinafuata msimamo huohuo. Sababu yake inaeleweka ukimfikiria aliyekaa kwenye kiti, kwamba hakuna mtu atasema "ni kweli niliona tatizo nikalipuuza" kama anajua sentensi hiyo itamrudia mbele ya hakimu mazungumzo yakivunjika, na asiposema hivyo kikao hakisogei. Sasa ukiyachukua maneno hayohayo ukayaandika kwenye karatasi ambayo kila mtu anaondoka na kopi yake, umeuvunja usiri kwa mkono wako.

Kuna na suala la bima ambalo wengi hawalijui. Mikataba mingi ya bima ya dhima, yaani ile inayolipa hasara uliyomsababishia mtu mwingine, inamkataza mwenye bima kukiri kosa bila ridhaa ya kampuni, kwahiyo neno moja tu "amekiri" kwenye karatasi iliyosainiwa linaweza kumkosesha fidia ambayo ndiyo ingemlipa yule mwingine. Hapo aliyeshinikiza neno hilo liandikwe kajiumiza mwenyewe.

Usiri wenyewe una mipaka lakini. Ripoti ya fundi iliyokuwepo kabla ya kikao haigeuki siri eti kwa sababu ililetwa mezani, inaweza kutumika kokote. Na yapo mambo ambayo sheria ya nchi inaweza kulazimisha yatolewe taarifa, kwa mfano mtoto akiwa hatarini.

Dhana nyingine, na hii ndo inaharibu karatasi nyingi, ni kwamba lugha isiyoegemea upande maana yake ni lugha ya kupakapaka, kila kitu kiwe laini asiumie mtu. Sio hivyo. Karatasi nzuri ina sehemu mbili zenye tabia tofauti kabisa: sehemu ya maelezo inayosema mgogoro unahusu nini, hiyo ndo inakuwa pole, alafu sehemu ya masharti, ambayo inatakiwa iwe kali mpaka mtu asiyewajua kabisa aweze kusoma na kujua limetekelezwa au halijatekelezwa. Chukulia maandishi kwenye pakiti ya dawa. Hayasemi ugonjwa umeupata wapi wala nani kakuambukiza, lakini yanasema vidonge viwili kutwa mara tatu kwa siku tano, na ukipewa pakiti iliyoandikwa "meza vya kutosha mpaka upate nafuu" utairudisha dirishani. Ukimya kuhusu chanzo haujapunguza chochote kwenye ukali wa dozi.

Tuchukue mgogoro mmoja tuufuatishe. Maji yanavuja kutoka bafu ya ghorofa ya juu, dari ya chumba cha chini imevimba na kudondoka kipande. Wa chini anasema alilalamika mara kibao, wa juu anasema aliambiwa mara moja tu na alikuwa anatafuta fundi. Mtu asiye na uzoefu ataandika hivi: "Upande wa Kwanza alipuuza malalamiko na kusababisha dari ya Upande wa Pili kuharibika, ingawa anadai hakuwa na taarifa." Hapo kuna hukumu tatu ndani ya sentensi moja. "Alipuuza" inasema alijua akaacha makusudi, "kusababisha" inamaliza ubishi wa chanzo, na "anadai" inamwambia msomaji asimwamini huyu mtu.

Anayejua kazi ataandika: "Upande wa Pili ameeleza kuwa aliona maji darini kuanzia tarehe 3 Machi na kutoa taarifa siku hiyo. Upande wa Kwanza ameeleza kuwa alipata taarifa tarehe 17 Machi. Pande zote zinakubaliana kuwa maji yanatokea bafu ya juu na kwamba kipande cha dari kimedondoka." Angalia alichofanya. Wote wawili "wameeleza", hakuna anayeeleza wakati mwenzake anadai. Tarehe zinazogongana zimeachwa zote mbili zikae, bila kuchagua. Alafu yale wanayokubaliana yametengwa kwenye sentensi yake, maana hayo tu ndo karatasi inaweza kuyasema kwa sauti yake yenyewe. Hata majina yanaangaliwa, huwezi kumwita mmoja kwa cheo na heshima zake alafu mwingine ukamwita "kijana wa juu". Njia rahisi ya kuipima ni kuisoma ukiwa umekaa nafasi ya kila mmoja kwa zamu, ukikutana na neno ambalo mmoja wao angeona aibu kulisaini, hilo libadilishwe kabla halijafika mezani.

Sasa masharti. Rasimu ya haraka huwa inasema "Upande wa Kwanza atashughulikia uvujaji haraka iwezekanavyo na watashirikiana kurekebisha dari." Inasikika vizuri na wote wanasaini wakiwa na furaha, ila wiki tatu baadae wamerudi. Atashughulikia ni kufanya nini? Haraka ni lini? Kushirikiana ni kulipa nusu kwa nusu au ni kusaidiana kushika ngazi? Sharti likiandikwa vizuri linasema nani anafanya, anafanya nini, mwisho lini, tutajuaje limeisha, na lisipofanyika kinafuata nini.

Kwenye mgogoro wetu inaweza kwenda hivi. Upande wa Kwanza atatengeneza uvujaji kwa gharama zake, kwa fundi bomba atakayemchagua mwenyewe, kabla ya tarehe 30 Aprili. Kazi ikiisha, tundu la maji la sakafu ya bafu linazibwa, sakafu inajazwa maji kina cha sentimita 3 na kuachwa saa 24, kimo kinawekewa alama ya utepe ukutani, na wote wanakuwepo mwanzo na mwisho kuangalia dari ya chini kama imetoa unyevu mpya. Hiyo ya "tutajuaje" ndo watu wanairuka sana, na ndo inayozaa mgogoro wa pili, maana mmoja anasema fundi kaja kamaliza, mwingine anasema bado panavuja. Ila jaribio lazima liendane na tatizo. La kujaza sakafu linaonyesha sakafu na tundu lake, halionyeshi bomba lililopasuka ndani ya ukuta, kwahiyo hilo nalo linawekewa kipimo chake, kufunga koki zote na kuangalia kama mita ya maji bado inazunguka.

Dari inafuata baada ya jaribio, sio kabla, na siku za kukauka ziwekwe, maana rangi ikipakwa juu ya unyevu itabanduka alafu lawama zinaanza upya. Gharama: theluthi mbili Upande wa Kwanza, theluthi moja Upande wa Pili, kwa bei ya makadirio ya fundi yaliyoambatanishwa na kusainiwa, ikizidi hapo kazi ya ziada haianzi mpaka wote wakubali kwa maandishi. Asiyetekeleza anapewa taarifa ya maandishi na siku 7, zikipita wanarudi kwa msuluhishi, ikishindikana kila mmoja yuko huru kwenda mahakamani.

Theluthi mbili haimaanishi mtu ana makosa theluthi mbili. Ni namba waliyokubaliana ili wamalize, na ndo maana kuna sentensi inayosema makubaliano haya sio kukiri kosa kwa upande wowote. Sentensi nyingine ya kuangalia kwa makini ni ile ya kumaliza madai. Ukisaini "pande hazitadaiana tena jambo lolote" unaweza kuwa umefuta na deni lisilohusiana kabisa na maji. Bora iandikwe kwamba yanamaliza suala la uvujaji ulioonekana kabla ya tarehe ya saini, basi.

Kwenye saini kuna mtego hapa. Wa chini akiwa mpangaji, dari sio yake, ni ya mwenye nyumba, na hawezi kukubali gharama kwa niaba yake kama hana idhini ya maandishi. Msuluhishi makini anauliza hilo mwanzo wa kikao, sio kalamu ikiwa mkononi. Msuluhishi mwenyewe akisaini, anasaini kuthibitisha kwamba usuluhishi ulifanyika, yeye sio mhusika wa masharti. Saini yake ina uzito wake, kwa mfano Mkataba wa Singapuri kuhusu usuluhishi, uliosainiwa tarehe 7 Agosti 2019 na kuanza kutumika tarehe 12 Septemba 2020, unataka makubaliano yawe na saini za pande zote pamoja na uthibitisho kwamba yametokana na usuluhishi, na saini ya msuluhishi ni mojawapo ya uthibitisho unaokubalika. Mkataba huo ni wa migogoro ya kibiashara ya kimataifa tu, ya familia, mirathi, ajira na ya mnunuzi wa kawaida haimo, na dari yetu haimo pia.

Kwa migogoro ya kawaida, karatasi iliyosainiwa kwa jumla inachukuliwa kama mkataba, yaani akikiuka unamshtaki kwa kuvunja makubaliano na huhitaji kuanza kuthibitisha upya nani alimwaga maji. Ikisajiliwa mahakamani na kuwa amri ya makubaliano inapata nguvu ya kukaziwa kama hukumu, ila taratibu zinatofautiana nchi na nchi.

Na kama fundi akifungua sakafu akakuta tatizo ni kubwa kuliko walivyofikiri, tarehe ya 30 Aprili haikatwi kwa kalamu na kuandikwa nyingine juu yake. Inaandikwa nyongeza inayotaja ni sharti namba ngapi linabadilika, yaliyobaki yanabaki kama yalivyo, na wanaosaini ni walewale waliosaini mwanzo, na tarehe mpya.