Maduara 53 hayatoki kwenye shiti hiyo

Wiki haiishi bila mteja mmoja kusimama mbele ya meza yangu na simu mkononi, kikokotozi kikiwa bado wazi. Wa mwisho alikuwa mfanyabiashara wa masufuria aliyeniletea shiti ya alumini ya futi nane kwa nne, akitaka mifuniko ya kipenyo cha milimita 265. Nilimtolea 43. Akahesabu, akahesabu tena, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayejizuia: "Fundi, nimepiga hesabu nyumbani. Inatakiwa kutoka 53. Kumi ziko wapi?"

Kumi haziko popote. Hazikuwahi kuwepo.

Dhana: gawanya eneo la shiti kwa eneo la duara, jibu ndilo idadi yako

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana anayeiamini huondoka akidhani ameibiwa. Hesabu yake ni hii: shiti ni milimita 2440 kwa 1220, yaani milimita za mraba 2,976,800. Duara la 265 lina eneo la karibu 55,155. Gawanya, unapata 53 na ushei. Kikokotozi hakijakosea. Kilichokosewa ni swali.

Mama anayekata andazi kwa bilauri anajua jambo hili bila kikokotozi. Akishakata, unga unaobaki katikati ya maduara anaukusanya, anaukanda, anausukuma upya na kukata tena. Kwake hesabu ya kugawanya inakaribia ukweli, kwa sababu mabaki yanarudi kazini. Bati halikandwi. Kipande cha pembe tatu kilichobaki kati ya maduara matatu kinabaki pembe tatu mpaka kiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa hiyo swali sahihi si eneo ni kiasi gani, bali safu ngapi zinaingia, na kila safu inabeba maduara mangapi. Ukipanga maduara mstari kwa mstari, kila moja limekaa ndani ya mraba wake, na duara hujaza asilimia 78.5 tu ya mraba wake. Pembe nne za kila mraba ni hasara hata kama shiti ingekuwa ndefu kutoka Kariakoo mpaka Kibaha. Ukipanga kwa kupishana, kama sega la nyuki, duara la safu ya juu likakaa kwenye bonde kati ya mawili ya chini, kiwango kinapanda hadi asilimia 90.7. Hapo ndipo mwisho. Mnorwe Axel Thue alilishughulikia jambo hili mwishoni mwa karne ya 19, na Mhungaria László Fejes Tóth akalikamilisha katika karne ya 20: hakuna mpangilio wa maduara yaliyo sawa unaozidi huo. Asilimia mia haipo, hata kwa fundi aliye bora kuliko mimi.

Na hiyo 90.7 ni ya katikati ya shiti isiyo na mwisho. Shiti ya kweli ina kingo, na kingo nazo zinakula.

Sasa tuupige ule mzigo wa mifuniko. Kwanza naongeza milimita 5 kwenye kipenyo, nafasi ya mstari wa bikari na mdomo wa mkasi. 265 inakuwa 270, na kuanzia hapo nahesabu kwa 270 tu. Kwenye urefu wa 2440 yanaingia maduara 9, maana 9 mara 270 ni 2430. Kwenye upana wa 1220 zinaingia safu 4. Tisa mara nne ni 36. Hapo hasara ni theluthi nzima ya shiti.

Nikipishanisha, umbali kati ya mstari wa vitovu vya safu moja na safu inayofuata haubaki 270. Unapungua:

```
umbali wa safu = 0.866 × 270 = 233.8
idadi ya safu  = 1 + (1220 − 270) / 233.8 = 5.06
```

Chukua 5, desimali tupa. Safu ya kwanza, ya tatu na ya tano zinabeba 9 kila moja. Ya pili na ya nne zimesogea nusu, kwa hiyo zinabeba 8. Jumla 43. Matumizi ya bati yanakuwa karibu asilimia 80 badala ya 67. Yaani yule bwana aliyekuja kudai kumi alikuwa amepata saba zaidi ya zile ambazo angepewa na fundi wa haraka haraka.

Namna ya kuchora ni muhimu kuliko hesabu yenyewe, kwa sababu 5.06 ni jibu la kubahatika: safu ya tano imeingia kwa milimita chache. Naanza kwenye ukingo mmoja mrefu, napiga mistari ya vitovu kwenye 135, 369, 603, 837 na 1071, yote nikiipima kutoka ukingo ule ule. Usipime kila safu kutoka ile iliyotangulia. Kosa la milimita 5 kila hatua linakuwa 20 ukifika juu, na mfuniko wa mwisho unatoka umekatika ubavu. Safu za 9 naanzia kitovu cha kwanza kwenye 135 kutoka ukingo mfupi. Safu za 8 naanzia kwenye 270. Halafu bikari kwenye 132.5.

Kabla ya yote, pima shiti yenyewe. Mpangilio huu unahitaji upana wa 1206. Muuzaji akikupa shiti ya 1200 na kukuambia ni "ile ile ya futi nne", safu ya tano imekwenda na maduara yake tisa.

Dhana: kupishanisha kunashinda siku zote

Hawa ni wale waliosikia habari ya sega la nyuki mahali fulani na sasa hawataki kusikia kingine. Chukua duara la 295, ukiongeza nafasi ni 300. Mstari kwa mstari: 8 kwenye urefu, 4 kwenye upana, jumla 32. Pishanisha kwa kufuata urefu: safu ni 4 zile zile, ila mbili kati yake zimepoteza duara moja moja. Jumla 30. Umechora kwa jasho zaidi ili upate pungufu. Pishanisha kwa kufuata upana, unapata nguzo 9 za 4 na 3 kwa zamu, jumla 32, sawa na ile ya mstari. Hapo sijiulizi mara mbili: mstari kwa mstari, shiti naipitisha kwenye gilotini nipate miraba, kisha kila mraba unakatwa duara lake mezani. Maduara yaliyopishana hayapitishiki kwenye gilotini. Ni mkasi wa mkono, unafuata njia ya nyoka kati ya safu na safu, na mikono inauma. Kwa saba za ziada nakubali maumivu. Kwa sifuri sikubali.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo mafundi wengi hawaigusi, kwa kuwa tumefundishwa kwamba kupishanisha maana yake ni kusogeza nusu. Si lazima iwe nusu. Chukua duara la 275, yaani 280 pamoja na nafasi. Mstari kwa mstari ni 32. Kwa kusogeza nusu, upige kwa urefu au kwa upana, ni 32 vilevile. Sasa tazama upana: maduara 4 yanachukua 1120, na milimita 100 zimebaki bure. Nusu ya 280 ni 140, ndiyo maana nguzo iliyosogezwa hutupa duara moja. Basi sogeza 100 tu, zile zilizopo. Nguzo zote zinabaki na 4, na bado zinakaribiana kidogo:

```
umbali wa nguzo = √(280² − 100²) = 261.5
idadi ya nguzo  = 1 + (2440 − 280) / 261.5 = 9.26
```

Nguzo 9 za maduara 4, jumla 36. Manne ya bure, bila kubadili shiti wala kipenyo. Vitovu vya nguzo ya kwanza viko kwenye 140, 420, 700 na 980 kutoka ukingo mrefu. Vya ya pili viko kwenye 240, 520, 800 na 1080, kisha unarudia. Kati ya nguzo na nguzo weka 262.

Linganisha na ule mzigo wa kwanza: 275 inatoa 36 kwa ujanja huo, 265 inatoa 43. Sentimita moja ya kipenyo ni mifuniko saba. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijashika bikari, namuuliza mteja kama kipenyo kinaweza kupungua kidogo. Wengi hawajui walikitoa wapi. Walipima sufuria kwa rula ya mtoto wa shule.

Dhana: ukibana maduara yagusane, utapata zaidi

Jaribu kwenye ile 265 bila nafasi yoyote. Safu zinabaki 5, na maduara 9 na 8. Jumla ni 43, ile ile. Ulichopata ni mistari inayogusana, mkasi unaong'ata mfuniko wa jirani, na kingo zilizojikunja. Milimita tano hupunguza idadi pale tu zinapokuvusha mpaka wa safu. Kwa hiyo hesabu kwanza, kisha ubane ukiona faida.

Dhana: maduara madogo hayapotezi bati

Kwenye kingo, kweli, madogo yanajaza vizuri zaidi. Katikati ni kinyume, kwa sababu ile nafasi ya milimita 5 ni ile ile kwa kubwa na kwa dogo. Kwa duara la 265, kupishanisha kunatumia hadi asilimia 87 ya bati la katikati. Kwa duara la 45 lenye nafasi hiyo hiyo, inashuka hadi karibu 73.

Dhana: mabaki ni mabaki

Hapa najikosoa mwenyewe. Kwenye mpangilio wa 43, tundu lililo kati ya maduara matatu halitoi hata duara la sentimita tano, na duara la maana utalipata kwenye ncha za zile safu fupi tu, sehemu nne kwa jumla. Kwenye mpangilio wa 36 wa mstari, kila tundu kati ya maduara manne linatoa duara la milimita 110, na matundu hayo ni 24. Ukanda wa 140 unaobaki ubavuni unatoa mengine 21. Ukijumlisha yote, bati lililotumika linafika asilimia 81, juu kidogo ya ile 80 ya kupishanisha. Kwa hiyo kama una oda ya vifuniko vya sentimita 11 siku hiyo hiyo, panga mstari kwa mstari. Kama huna, usikate madogo 45 kwa matumaini. Ninayo rundo chini ya meza tangu mwaka juzi.